Deksa ilimjaza uso huku chumvi ikimwisha: kisa cha fundi cherehani wa Kadutu

Huyu papa ni fundi cherehani pale Kadutu, Bukavu, ana miaka hamsini hivi. Alifika konsilta akiwa ameshikwa mkono na mama wa nyumbani kwake, na mama amebeba mfuko wa plastiki wenye vidonge vya 0.5 mg vya deksametasoni, yaani deksa, dawa ya steroidi. Alikuwa anakunywa kimoja asubuhi kimoja jioni, karibu miezi mitatu sasa. Ukimtazama uso umekuwa wa mviringo, tumbo limetoka mbele lakini mikono na miguu imebaki myembamba, usingizi hapati usiku. Sasa kitu cha kushangaza, mtu huyohuyo mwenye sura ya kuzidiwa na dawa akisimama tu anaona giza, akipanda ile milima ya kwetu inabidi akae chini katikati ya njia, na asubuhi anatapika.

Presha akiwa amelala ilikuwa 98 kwa 60. Tukamsimamisha, tukangoja dakika tatu, ikashuka 74 na hatukuweza kusikia ya chini vizuri. Labo ikarudisha sodiamu ya chini, 124, na potasiamu ya juu, 5.9. Yaani dalili za steroidi nyingi na dalili za steroidi kidogo ziko ndani ya mwili mmoja, siku moja. Kijana mmoja wa stajé akasema basi labda hanywi dawa vizuri, anaruka siku. Hapana, mama alikuwa anazihesabu mwenyewe, na ule uso haudanganyi.

Turudi nyuma kidogo. Papa aliwahi kuugua kifua kikuu miaka ya nyuma, akamaliza dawa zote, akapona mapafu. Baadaye taratibu akaanza kuchoka, kukonda, kizunguzungu, na kupenda chumvi kupita kiasi, mama alisema wale samaki wadogo wa sambaza wakishakuwa na chumvi yao ya kutosha yeye bado anaongeza, na akimaliza analamba vidole. Halafu akawa mweusi zaidi. Kwa mtu mweusi hiyo si rahisi kuiona kama hujui pa kutazama, unaangalia ufizi, ulimi, mistari ya viganja, na makovu ya zamani, na kama kuna picha ya miaka miwili nyuma kwenye simu unailinganisha. Kituo kimoja kilimpima kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, saa mbili asubuhi kikapata 2 µg/dL, na chini ya 5 kwa saa ile, kwa mtu mwenye dalili kama hizi, ni kidogo mno. Kwa hiyo ugonjwa waliutambua vizuri: tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo, zimeliwa na kifua kikuu. Ni ugonjwa uleule daktari Mwingereza Thomas Addison aliuandika mwaka 1855, na wakati wake kifua kikuu ndicho kilikuwa sababu kubwa kama kinavyoendelea kuwa sababu huku kwetu.

Shida ilianza kwenye ordonansi. Aliyeandika hakuwa mjinga, nataka hilo lieleweke. Alichukua ile jedwali ya kulinganisha steroidi tunayofundishwa wote: hidrokotisoni 20 mg ni sawa na prednisoloni 5 mg ni sawa na deksametasoni 0.75 mg. Mgonjwa anahitaji hidrokotisoni kama 20 hadi 25 kwa siku, vidonge vyake havipatikani kwenye farmasi za karibu, deksa iko kila rafu na bei yake ni ya chini, basi deksa 1 mg kwa siku, inalingana na hidrokotisoni 27 hivi, imezidi kidogo tu, hakuna shida. Hesabu ni sahihi kabisa. Ila jedwali ile inapima kitu kimoja, nguvu ya kuzima uvimbe na maumivu ya uvimbe, kama kwa asma au viungo. Papa hakuwa na uvimbe wa kuzima. Alikuwa anatafuta mbadala wa tezi iliyokufa, na tezi ile ilikuwa inafanya kazi zaidi ya moja.

Kwanza nguvu. Kwenye uvimbe deksa ina nguvu kama mara 25 hadi 30 ya hidrokotisoni. Lakini ukipima namna inavyobana tezi kichwani isitoe ACTH, homoni inayoamrisha adrenali itoe kotisoli, au inavyozuia mtoto kukua, inafika mara 50, vipimo vingine mara 70 na kuzidi. Kwa hiyo ile 1 mg yake kwenye mifupa, sukari, mafuta ya tumbo na usingizi inaweza kuwa kama hidrokotisoni 50 mg au zaidi kila siku. Ndiyo maana uso umejaa. Na hata ukitaka kupunguza unakwama, kidonge cha 0.5 ukikikata nusu ni 0.25, ukikata tena ni unga, na ile tofauti ndogo ya unga kwa deksa ni dozi kubwa. Prednisoloni nayo kwenye kazi hii ya tezi ina nguvu zaidi kidogo kuliko jedwali inavyosema, ndiyo maana kwa kujaza pengo wanashauri 3 hadi 5 mg kwa siku, hiyo 5 ni ukuta wa juu.

Pili muda, na hapa watu wanachanganyika. Hidrokotisoni kwenye damu inapungua nusu kwa dakika 90 hivi, kazi yake mwilini inaisha ndani ya masaa 8 hadi 12. Prednisoloni inafanya kazi masaa 12 hadi 36. Deksa masaa 36 hadi 72. Ukisikia hivyo utasema basi deksa ndiyo bora, inakaa, mgonjwa hasahau dozi. Lakini mwili wenyewe hautaki kotisoli ikae. Inapanda usiku ukielekea kucha, inakuwa juu kabisa mtu anapoamka, inashuka mchana wote, na karibu na saa sita za usiku inakuwa karibu na sifuri, na wakati huo ndio mwili unajirekebisha na kulala. Dawa ya masaa 72 ukiinywa kila siku, tena na jioni, haishuki hata mara moja, unarundika dozi ya leo juu ya ya jana. Papa hakuwa analala kwa sababu mwili wake ulikuwa unaambiwa ni saa moja asubuhi muda wote.

Hidrokotisoni ufupi wake ndio faida yake. 10 mg akiamka, 5 mg mchana, 5 mg saa kumi hivi za jioni na si zaidi ya hapo, unapata kile kilima kinachofanana na cha mwili. Hasara yake ni kwamba ni mara tatu kwa siku, na mtu wa soko anayetoka alfajiri akirudi usiku atasahau ya mchana, tusidanganyane.

Tatu ni chumvi, na hii ndiyo ilikuwa inamuua papa. Tezi ya adrenali inatoa pia aldosteroni, inayoambia figo zishike sodiamu na zitupe potasiamu. Hidrokotisoni ina sehemu ya kazi hiyo, tuipe 1 kwa kila miligramu. Prednisoloni ni 0.8 kwa miligramu. Deksa ni sifuri. Sasa angalia hapa maana hata prednisoloni inadanganya: mtu anasoma 0.8 anasema karibu sawa na hidrokotisoni, lakini hiyo ni kwa kila miligramu, na wewe hutoi miligramu zilezile. Hidrokotisoni 20 mg inakupa 20 × 1, yaani 20. Prednisoloni 5 mg inakupa 5 × 0.8, yaani 4. Deksa hata utoe kopo zima ni sifuri. Kwa hiyo ukihama kutoka hidrokotisoni kwenda prednisoloni umepoteza sehemu kubwa ya kinga ya chumvi, na ukihama kwenda deksa umeipoteza yote, figo zinamwaga sodiamu, maji yanafuata, presha inaanguka mtu akisimama, potasiamu inapanda. Mtu anaweza kuwa amejaa uso na amekauka ndani kwa wakati mmoja, na ukiona hivyo usiongeze deksa! Wengi ndio wanachofanya, presha ikishuka wanaongeza kidonge, uso unazidi kujaa, presha iko palepale.

Kuna kitu mama alituambia ambacho kilinifurahisha kwa upande wa kisayansi na kunisikitisha kwa upande mwingine. Alisema, "Dokta, ile dawa ilimusaidia sana, alikuwa mweusi ya ajabu, saa hii ameanza kurudilia rangi yake." Na kweli ufizi ulikuwa umeanza kufifia. Ile rangi inaletwa na ACTH ambayo tezi ya kichwani inaipiga kelele ikitafuta kotisoli, deksa ikainyamazisha vizuri sana, rangi ikapungua. Nyumbani wakaona ni kupona. Ilikuwa ni alama ya upande mmoja tu, upande wa kotisoli umefunikwa, wa chumvi haujaguswa.

Siku ile tulimhesabu ni wa dharura, anatapika, sodiamu 124, presha haisimami. Hospitalini hidrokotisoni ya sindano ya 100 mg tunayo, huwa inawekwa kwa ajili ya asma na mzio. Tukampa 100 mg kwenye mshipa, serumu ya chumvi ya 0.9% lita moja ndani ya saa ya kwanza, halafu 50 mg kila masaa sita. Watu waliuliza mbona hatutafuti fludrokotisoni, ile dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni, usiku ule. Hidrokotisoni ikishafika 50 mg kwa siku na kupanda, nguvu yake ya chumvi yenyewe inatosha, na sisi tulikuwa kwenye 200. Hiyo ni sababu ya pili, mbali na kasi, kwa nini kwenye dharura hidrokotisoni ndiyo inatangulia. Sodiamu tulirudia kupima baada ya masaa sita, maana mtu aliyekaa wiki nyingi na sodiamu ya chini ukimpandisha haraka unaweza kumharibu ubongo, hatutaki ipande zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya masaa 24. Kesho yake asubuhi ilikuwa 131, amekaa kitandani anaomba uji wenye chumvi.

Sukari ya asubuhi ilikuwa imepanda kidogo pia, hatukuianzishia dawa, tulingoja deksa itoke, na ikashuka yenyewe.

Kumtoa kwenye deksa ilikuwa rahisi kwa yeye, na hapa naomba niseme jambo kwa wale dada zetu wanaokunywa deksa ili wanenepe makalio na mashavu, maana zipo nyingi mjini na wauzaji hawaulizi. Kwa papa tezi zimekufa, hakuna kitu cha kuamsha, unabadilisha tu dawa moja kwa nyingine kesho asubuhi. Kwa anayekunywa deksa kwa uzuri tezi ni nzima ila zimelazwa na ile kazi ya masaa 72, akiacha ghafla anaweza kuanguka vilevile, kuchoka, kutapika, sukari kushuka. Ila huyo aldosteroni yake bado inafanya kazi, kwa hiyo potasiamu yake haipandi na ufizi wake hauwi mweusi. Potasiamu ya papa ya 5.9 peke yake ilikuwa inatuelekeza kwenye tezi yenyewe.

Baada ya dharura tukaingia kwenye swali gumu, ale nini miaka yote iliyobaki. Chaguo la kwanza ni hidrokotisoni ya vidonge, 15 hadi 25 mg kwa siku ikigawanywa, pamoja na fludrokotisoni 0.1 mg asubuhi. Zote mbili zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS, ila kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye farmasi ya Nyawera ni mambo mawili. Tulizunguka tukapata fludrokotisoni kupitia mtu anayesafiri, hidrokotisoni ya vidonge hatukupata ya kuaminika kila mwezi. Dawa ya kuishi nayo haiwezi kuwa ya bahati nasibu, kwa hiyo tukachagua prednisoloni 5 mg mara moja asubuhi akiamka, na fludrokotisoni 0.1 mg pamoja nayo. Kama kopo limeandikwa prednisoni badala ya prednisoloni ni sawa, ini linaigeuza, miligramu ni zilezile. Jioni hapewi, hata akisema amechoka, maana prednisoloni ya jioni inarudisha shida ya usingizi ileile.

Prednisoloni si sawa na hidrokotisoni, nisiwauzie maneno. Kilima chake ni kirefu zaidi, na kwa sababu kidonge ni cha 5 watu wanabaki kwenye 5 hata kama 4 ingetosha, mwaka hadi mwaka mifupa inalipa. Lakini kati ya prednisoloni ya kila siku na hidrokotisoni ya mwezi mmoja ndiyo miezi miwili hapana, mimi sina mashaka. Deksa kwa kazi hii naiweka pembeni hata kama ni ya bure.

Kufuatilia hatukutumia kotisoli ya damu, na hili linachomesha watu pesa. Akiwa kwenye prednisoloni mashine nyingi zinaisoma kama kotisoli, unapata namba nzuri isiyo na maana. Deksa mashine haiioni, na hiyo ndiyo moja ya kazi zake chache hapa: mgonjwa wa dharura ambaye bado unataka kumpima tezi palepale, unaweza kumpa deksa bila kuharibu kipimo. Kwa papa tulifuata uzito, presha ya kulala na ya kusimama, sodiamu, potasiamu, na kumuuliza kama bado analamba chumvi. Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba jioni na presha ikapanda 148, sodiamu 141. Hiyo ni fludrokotisoni imezidi, tukaishusha nusu kidonge, prednisoloni hatukuigusa. Uso ulichukua miezi kurudi.

Siku za homa ana maelekezo kwenye karatasi: joto likifika 38 anakunywa prednisoloni mara mbili ya kawaida, likifika 39 mara tatu, kwa siku zote za homa, halafu anarudi kwenye dozi yake, na malaria haingojewi ithibitishwe kwanza ndipo aongeze. Akitapika kidonge anaenda kuchomwa hidrokotisoni 100 mg kwenye msuli. Na tukaandika kwamba kituo kikikosa hidrokotisoni kabisa wamchome deksametasoni 4 mg na serumu ya chumvi, wasimrudishe nyumbani. Mama aliuliza, "Si mulisema deksa ni mbaya?" Ni swali zuri. Kwa usiku mmoja inamvusha, serumu ikibeba upande wa chumvi, ila kesho lazima apate hidrokotisoni.

Kuna jambo tulilolikwepa kwa bahati tu. Kama kifua kikuu chake kingekuwa cha sasa na yuko kwenye rifampisini, ile 5 mg isingetosha. Rifampisini inalifanya ini liteketeze steroidi haraka, zote tatu, na deksa inaathirika sana. Mtu mwenye tezi zilizobaki robo anaweza kuishi vizuri mpaka anapoanza dawa za kifua kikuu, halafu ndani ya wiki chache za mwanzo anaanguka, na kila mtu anasema mwili umekataa dawa. Huyo dozi yake inahitaji kupandishwa mara mbili, wakati mwingine mara tatu, na kwa hidrokotisoni inagawanywa zaidi. Miezi sita ikiisha rifampisini ikisimamishwa ini linatulia kwa wiki mbili hivi, na usiposhusha dozi utamjaza uso wewe mwenyewe.

Kinachotusumbua mpaka leo ni fludrokotisoni kukatika. Ilishakatika mara moja, na papa alikuja mapema kabla ya kuanguka kwa sababu alijisikia kizunguzungu cha zamani. Tulichofanya ni kumwambia aongeze chumvi kwenye chakula, na kwa ule muda tukambadilishia prednisoloni kwa hidrokotisoni 30 mg kwa siku, mgonjwa mwingine alikuwa ameletewa vidonge akatugawia, juu hidrokotisoni inabeba chumvi kidogo na prednisoloni karibu haibebi. Sodiamu ikashuka hadi 132 ikakaa hapo, akawa anashona nusu siku, mpaka kopo jipya lilipofika akarudi kwenye 5 mg na nusu kidonge.